Neno Lililo Nyuma ya Tarakimu

Kwa miaka kadhaa nilihariri kurasa za michezo za gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam, na katika miaka hiyo niliandika kitu kimoja tu ambacho watu walikisoma zaidi ya mara moja: mwongozo wa uandishi wa dawati letu. Ulianza ukiwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, juu ya chupa ya chai. Nilipoondoka ulikuwa umefika kurasa sita, na wenzangu waliuita "sheria za mzee", ingawa wakati huo sikuwa mzee.

Msomaji wa ukumbi huu, aliyezoea vina na mizani, huenda akajiuliza matokeo ya mpira yanamhusu nini. Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilidhani mwongozo wa namna ile ni kazi ya karani: nukta iwekwe wapi, herufi kubwa ianze wapi. Kumbe karibu kila kosa lililonifanya niongeze mstari lilitokana na jambo moja. Tarakimu ikiandikwa peke yake katika Kiswahili haijasema kitu. Husubiri neno la mbele yake liitambulishe, na neno hilo likikosekana, au likiwa silo, msomaji huelewa jambo jingine kabisa na wala hajui kwamba amekosea.

Mstari wa kwanza wa mwongozo ulizaliwa na simu. Timu ya nyumbani ilikuwa inacheza ugenini nchini Aljeria, na taarifa tuliyopokea kutoka shirika la habari ilisema mchezo ungeanza 20:00. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika "saa 2:00 usiku" na kuupeleka ukurasa mtamboni. Asubuhi baada ya mchezo alipiga simu mwenye kibanda umiza kimoja cha Mbagala. Hakutukana, na ingekuwa nafuu angetukana. Alieleza tu kwamba alikuwa amenunua petroli ya jenereta, akakata tiketi, watu wakajaa saa mbili kasorobo, na kufikia saa tatu walikuwa wanadai fedha zao huku televisheni ikionyesha matangazo. Wengi walikwenda zao. Mpira ulipoanza saa nne, petroli ilikuwa imebaki ya kipindi kimoja. "Mhariri," akaniuliza, "zile saa mbili zilikuwa za kwetu au za kwao?"

Swali lake lilinionyesha nilipokosea. Saa iliyoandikwa kwa mtindo wa 20:00 huhitaji hatua mbili ili iwe saa ya Kiswahili, nami nilifanya moja. Hatua ya kwanza ni kuvuka masafa: Aljeria iko nyuma yetu kwa saa mbili mwaka mzima, kwa hiyo 20:00 ya kwao ni 22:00 ya kwetu. Hatua ya pili ni kuvuka lugha: toa sita, au ongeza sita ikiwa saa yenyewe haizidi sita, na ukipata zaidi ya kumi na mbili toa kumi na mbili tena. Ishirini na mbili ukitoa sita ni kumi na sita; ukitoa kumi na mbili, nne. Saa 4:00 usiku. Mimi niliruka moja kwa moja kwenye hatua ya pili, nikapata saa mbili za usiku ambazo zilikuwa sahihi kabisa kwa Mswahili aliyekuwa ameketi Algiers.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Ningeandika "saa 20:00 usiku", kila mtu angeona kwamba kuna jambo haliko sawa. Lakini "saa 2:00 usiku" ni Kiswahili safi, na ni wakati ambao mpira huchezwa kweli. Hivyo mwongozo ukaamuru mambo mawili. Kwanza, mwandishi asifute saa ya awali. Aiache pembeni ya habari pamoja na jina la mji, ili mhariri aweze kuirudia hesabu. Pili, hatua ya masafa itangulie daima, kwa sababu ndiyo inayoweza kubadili siku. Mchezo unaoanza 21:00 mjini New York siku ya Jumanne, wakati wa kiangazi cha kule, uko nyuma yetu kwa saa saba: huku ni 04:00 ya Jumatano, yaani saa 10:00 alfajiri. Anayeanza kwa kutoa sita hupata saa 3:00 usiku wa Jumanne, naye hawezi tena kuipata siku aliyoipoteza.

Masafa yenyewe hayatulii. Ulaya husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Hivyo mchezo wa London ulioandikwa 15:00 huwa kwetu saa 11:00 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12:00 jioni wakati wa baridi. Moroko hurudisha saa nyuma wakati wa Ramadhani. Wiki za mabadiliko hayo nilizizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya dawati.

Kisha kuna usiku wenyewe. Kwa Waswahili wa asili siku huanza jua linapotua, na katika mwambao bado utawasikia wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wakikusudia usiku ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi. Msomaji wa bara akiyasoma maneno hayo hayo atakuja siku moja baadaye. Hapa sikuthubutu kumsahihisha mtu yeyote, kwa kuwa wote wawili wako sahihi. Mwongozo ulichagua maneno yasiyogombanisha: "Alhamisi usiku", au, ikiwa mchezo utavuka saa sita, "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Ni maneno marefu, na wapanga kurasa waliyalalamikia. Nikawaambia wapunguze picha.

Ilinichukua muda zaidi kutambua kwamba neno "saa" lina mtego wa pili. Oktoba 8, 2023, marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Chicago na kuweka rekodi ya dunia ya wakati huo, 2:00:35. Kijana wetu akaandika: "Kiptum alimaliza saa 2:00:35." Someni tena kama mtu asiyefuatilia riadha. Alimaliza saa mbili. Saa mbili asubuhi, bila shaka, maana mbio ndefu hukimbiwa asubuhi. Kiswahili hutumia neno lile lile kwa saa inayoonyeshwa ukutani na kwa muda unaopita, na nambari zinapokuwa ndogo, kama zilivyo katika marathoni, maana zote mbili huingia akilini bila kubisha hodi.

Kukatokea mjadala dawatini. Wengine walitaka tutumie "masaa" kwa muda na "saa" kwa wakati: alikimbia masaa mawili, alianza saa mbili. Najua "masaa" huwakera wengi wa wasomaji wa ukumbi huu, na walimu wangu wangenipiga kofi. Hata hivyo nakiri kwamba aliyeitia "ma-" neno hilo hakuwa mjinga. Alikuwa na haja ya kweli, na lugha sanifu haikumpa chombo. Sisi hatukuikubali "masaa", lakini tuliitambua haja hiyo. Mwongozo ukasema: muda utanguliwe na maneno "kwa muda wa", na mara ya kwanza uandikwe kwa kirefu, "kwa muda wa saa 2, dakika 0 na sekunde 35". Baada ya hapo, na katika majedwali, 2:00:35 isimame bila neno "saa".

Dakika za mpira zilitupa nafuu, kwa maana hapo lugha yetu ilikuwa imeshatangulia. "Dakika 7" ni muda. "Dakika ya 7" ni nafasi katika safu. Bao linalofungwa saa ya uwanja ikionyesha 6:20 limefungwa katika dakika ya saba, kwa sababu dakika sita kamili zimekwisha na ya saba inakwenda. Wageni wa kazi hudhani hilo ni kosa la kuhesabu. Mwambie tu aangalie "ya".

Siku ile ile ya Chicago ilituachia tatizo jingine, nalo ni la majina. Mwongozo ulikuwa umeamuru kwamba mtu atajwe kwa majina mawili mara ya kwanza, kisha kwa la mwisho. Kanuni nzuri, fupi, nasi tuliirithi kutoka magazeti ya Kiingereza bila kuipima. Mshindi wa wanawake alikuwa Sifan Hassan wa Uholanzi, aliyetumia 2:13:44. Aya ya pili ya habari yetu ikasomeka: "Hassan alisema amefurahi." Kiingereza kingemwokoa msomaji kwa kiwakilishi cha kike katika sentensi inayofuata. Kiswahili kina "a-" moja kwa wote, na hilo mimi hulihesabu kuwa neema. Lakini Hassan, kwa kila msomaji kutoka Lamu hadi Lindi, ni mwanamume. Habari nzima ilisomeka kana kwamba mwanamume aliyepitwa kwa dakika kumi na tatu alipewa kikombe. Tangu hapo tukaandika "Sifan" au "Sifan Hassan" mwanzo hadi mwisho, na kila habari ya mbio iseme mapema "kwa upande wa wanawake". Kanuni ya jina la mwisho tukaiachia habari ambazo haipotoshi.

Sasa mabao, ambako nilidhani hakuna la kuandika. Mtu akiisoma 2-1 kwa sauti, anasoma nini? "Mbili moja" ina mizani nne. "Mbili kwa moja" ina tano. "Mabao mawili kwa moja" ina tisa. Tarakimu huficha upatanisho wote huo, na ndiyo maana mwandishi anayeandika "mabao 2" bila kusita huandika "mabao mbili" siku anapolazimika kutumia maneno. Neno la mbele hufuata idadi ya mshindi: "bao 1-0", "mabao 2-1". Timu zisipofungana kabisa ni "suluhu"; zikifungana sawa ni "sare". Wakenya husema "sare tasa" kwa ile ya kwanza, usemi mzuri kuliko wetu, nami niliuruhusu pale palipohitajika kubadilisha ladha.

Shida ilikuwa mpangilio. Ubao wa uwanjani humtanguliza mwenyeji. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023, mkondo wa kwanza, ilichezwa Dar es Salaam Mei 28, na ubao ulisema Yanga 1-2 USM Alger. Mwandishi aliyeunakili ubao akaandika "Yanga ilifungwa mabao 1-2". Kwa nini maneno hayo yanakwaza sikio? Kwa sababu kitenzi kimeshasema nani kafungwa, na mpangilio wa tarakimu unakuja kukisema tena kwa njia nyingine, kama mtu anayedakia mazungumzo. Penye kitenzi, nambari kubwa itangulie daima: Yanga ilifungwa mabao 2-1, USM Alger ilishinda mabao 2-1. Mahali pasipo na kitenzi, kwenye jedwali, mwenyeji atangulie. Tulipokwisha kukubaliana hivyo, uzito wote wa matokeo ukaangukia herufi moja, ile "w" inayotenganisha "ilifunga" na "ilifungwa". Nikaweka sharti kwamba vitenzi hivyo visomwe kwa sauti kabla ya ukurasa kufungwa. Jicho huiruka "w", mdomo hauwezi.

Mkondo wa pili ulikuwa Algiers, Juni 3, na Yanga ikashinda bao 1-0. Jumla ikawa mabao 2-2, na USM Alger wakatwaa kombe kwa mabao ya ugenini, kwa kuwa wao walifunga mawili Dar es Salaam na Yanga moja Algiers. Habari ya namna hii ni ngumu kuandika: aliyeshinda usiku ule hakushinda kombe. Ndani ya habari yetu mlikuwa na maneno haya: "USM Alger, timu iliyoifunga Yanga". Nikayapitisha. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akiandika mashairi na kuyaficha chini ya kibodi, akanirudishia karatasi na kuniuliza, "Kaka, nani kamfunga nani?"

Nikamwambia ni wazi: USM Alger iliifunga Yanga. Akanijibu kwa mfano. Kitabu alichokisoma Juma: je, kitabu kilimsoma Juma? La. Juma ndiye aliyesoma, ingawa jina lake limekuja nyuma ya kitenzi. Basi katika "timu iliyoifunga Yanga", nani kazuia Yanga kuwa Juma? Katika mfano wa kitabu tunaokolewa na "a-" ya mtu na "ki-" ya kitabu. Hapa timu ni "i-", Yanga nayo ni "i-", na viambishi vyote viwili ndani ya kitenzi vimevaa sare moja. Sentensi inakubali kusomwa kwamba timu hiyo iliifunga Yanga, na inakubali kusomwa kwamba Yanga iliifunga timu hiyo. Na katika fainali ile, kwa bahati ya ajabu, maana zote mbili zilikuwa kweli: ya kwanza Dar es Salaam, ya pili Algiers.

Sijapata kusahau jioni ile. Nilikuwa nimehariri sentensi za aina hiyo kwa miaka, nikiongozwa na kile ninachokijua tayari kuhusu mchezo, wala si na kile kilichoandikwa. Msomaji aliyekuwa safarini, asiyejua matokeo, hakuwa na msaada huo.

Dawa ilipatikana katika ugomvi wa zamani zaidi: je, tuseme "Simba imeshinda" au "Simba wameshinda"? Wapo waliotaka kanuni moja. Lakini nyuma ya jina la klabu kuna nomino isiyotamkwa. Ukikusudia timu au klabu, ni "imeshinda". Ukikusudia wachezaji, ni "wameshinda". Mwongozo ukachagua "i-" kwa jina rasmi na "wa-" kwa majina ya utani ya watu: Simba imesajili, Wekundu wa Msimbazi wamesajili, Yanga imefungwa, Wananchi wamefungwa. Na hapo ndipo majina ya utani, ambayo nilikuwa nikiyafuta kwa kuyaona ni mapambo ya ushabiki, yalipoonyesha kazi yake. "Timu iliyowafunga Wananchi" ina maana moja tu. "Timu waliyoifunga Wananchi" ina maana nyingine, moja tu pia. Tukaandika: vishazi rejeshi vyenye klabu mbili ama vivunjwe kuwa sentensi kamili, ama klabu moja ipewe jina la watu.

Vifupisho vilifuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo sitakaa napo sana. TFF "imetangaza" au "limetangaza"? Nomino iliyojificha ni shirikisho, basi "limetangaza". BMT ni baraza, nalo ni "li-". Waandishi walizoea upesi, isipokuwa FIFA, ambayo masikio ya watu yameshaifanya jina lenyewe, na "FIFA limesema" lilionekana kama maringo. Niliiachia "i-". Mwongozo usio na ubaguzi hata mmoja haujawahi kutumika.

Kilichotushinda ni VAR. Kila mtu aliandika "VAR ilikataa bao", kana kwamba ni mashine. Lakini kifupisho hicho ni cheo cha mtu: mwamuzi msaidizi anayetazama picha za video. Kwa sarufi ya nomino iliyojificha ingekuwa "VAR alikataa". Kwa sheria za mchezo, yote mawili ni uongo, maana msaidizi huyo hakatai wala hakubali. Humshauri mwamuzi wa kati, naye ndiye mwenye uamuzi. Tukakubaliana kuandika "mwamuzi alikataa bao baada ya kushauriwa na VAR". Ilidumu wiki mbili. Jumamosi ya tatu nilifungua ukurasa wa nyuma nikakuta kwa herufi kubwa: VAR YAIBEBA SIMBA. Nikaanza kuhesabu viambishi, nani kambeba nani, nikaona huyu walau hakuacha shaka, nikaweka kalamu chini.